Rehani ya Msafara wa Sham

Dada yangu Rabia,

Salamu nyingi. Anayekuletea barua hii ni mumeo Abdulghani, haji mpya. Amekonda, usimcheke.

Pasha anayeongoza mahujaji aliwapa Mabedui nusu ya fedha ya Sultani ya kulinda njia, nusu nyingine akaahidi kulipa wakati wa kurudi. Mahujaji wamerudi, mfuko wa Pasha mtupu! Sheikh Mutlaq akaziba njia hapa Tabuk, karibu na ngome yetu.

"Mzee Darwish," akaniambia, "Sultani hutulipa tusiwaibie. Asipolipa, si ametupa ruhusa?"

"Hoja hiyo hata kadhi haiwezi," nikamjibu.

Msafara wa chakula uliotumwa kutoka Sham kuwapokea ulileta shayiri na mikate mikavu, lakini fedha haukuwa nayo. Ili afungue njia, Mutlaq akataka rehani, mlinzi mmoja wa ngome akae kwake mpaka alipwe. Wenzangu wote wakatazama viatu vyao. Nikaenda mimi, maana mumeo alikuwa analia vibaya mno.

Sasa nimo hemani mwa Mutlaq, nanywa maziwa ya ngamia. Mwambie Abdulghani asibanduke mlangoni kwa Pasha mpaka alipe, hata akiambiwa kodi za vijijini hazijakusanywa. Mutlaq ananipenda, lakini amenipa mwezi mmoja tu.

Kaka yako mkorofi,
Darwish