Sentensi Niliyoikata Mwenyewe

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Wifi hajambo? Na watoto wenu, wanaomjua shangazi yao kwa simu tu, bado wanagombania dirisha kila gari likipita? Mgongo wako je, maana kuchomelea vyuma kwa kuinama kutwa si mchezo, na wewe dawa ya kuchua huitumii mpaka uamrishwe. Mimi mwili u mzima. Mengine utayasoma humu.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu ningeikata, najijua. Karatasi haina pa kukatia.

Nianze na habari njema, halafu tushuke. Nimepata kazi. Jumatatu naanza kwenye ghala la dawa lililo nyuma ya kiwanda cha sabuni, kazi ileile niliyoiacha mama alipolala kitandani: kupokea makasha, kuandika joto la majokofu asubuhi na jioni, kuhakikisha dawa inayokaribia kuisha muda ndiyo inayotangulia kutoka. Nilivyoipata ndiyo sababu ya barua hii, kwa hiyo nivumilie, maana unajua nikianza kusimulia nafunga breki kwa shida.

Usaili ulikuwa mara mbili. Wa kwanza maswali, wa pili vitendo. Walinipa rafu moja na orodha yake, wakaniambia nitafute kasoro. Nilikuta nne, na wao walikuwa wameweka tatu tu. Ya nne hawakuijua wenyewe: makasha mawili ya matone ya macho yaliyokwisha muda. Nikarudi nyumbani nikitembea kama mwenye nyumba.

Baada ya wiki ikaja barua pepe ya afisa ajira, dada mmoja wa ofisi inayowatafutia wafanyakazi. Alisema vitendo nilifanya vizuri, lakini wasifu wangu unaonyesha miaka miwili nje ya kazi bila maelezo yoyote, na jambo hilo limewatia shaka kuhusu uthabiti wangu. Wamemchukua mwombaji mwingine. Wananitakia kila la heri.

Kaka, uthabiti! Miaka miwili namgeuza mama kila baada ya saa tatu ili asipate vidonda, halafu mtu ananiandikia kuhusu uthabiti. Damu ilinichemka. Nilikaa palepale kwenye kizingiti cha mlango nikamjibu kwa simu, vidole vinakimbia kuliko akili. Nilimwambia hajawahi kumuuguza mtu. Nilimwambia anahukumu watu akiwa kwenye kiti cha kuzunguka. Nilimwambia alijua hali yangu akaifumbia macho, kwamba niliacha kazi kumuuguza mama yangu peke yangu kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuja, na kwamba nitaitangaza ofisi yao mpaka watu waikimbie. Nikaweka na nakala kwa meneja wa ghala, ili wote wapate dozi moja.

Kilichoniokoa ni chaji. Simu ilizimika kabla sijabonyeza. Nikaipeleka kwa Bi Nukta aniwekee kwenye umeme. Huyu humjui, amehamia mtaani kwetu baada ya wewe kuondoka. Alikuwa katibu muhtasi miaka thelathini, sasa ana kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, na jina hilo amepewa kwa sababu hawezi kuona tangazo ukutani lisilo na nukta bila kutoa kalamu. Aliniona nilivyovimba, akaniuliza nani amenikanyaga. Nikampa simu asome.

Hakucheka wala hakunipa pole. Jambo la kwanza alilofanya, alifuta anwani ya afisa ajira pale juu, na ya meneja pia. Alisema barua ya hasira haiandikwi ikiwa na anwani, kwa sababu kidole huteleza. Kisha akaichapa kwenye karatasi, akanipa kalamu nyekundu, akasema niisome kwa sauti, sentensi moja moja, na kila moja niijibie maswali mawili: ni kweli ninayoweza kuithibitisha? Na huyu dada akiisoma, nataka afanye nini?

Kiti cha kuzunguka kikaanguka mara moja, kwani kiti sijakiona. Kutangaza ofisi kukaanguka, kwani nilitaka kazi wala sikutaka vita. Kwenye sentensi ya kwamba alijua hali yangu, Bi Nukta aliniomba nimwonyeshe wasifu nilioupeleka. Tukautazama. Kazi ya mwisho inaishia mwaka ule, chini yake peupe. Niliona aibu kuandika habari za mama kwenye karatasi ya kuombea kazi, nikaacha pengo nikidhani watu watalielewa lenyewe. Bi Nukta akasema yule dada hakukosea kusema bila maelezo. Aliyekosea kuandika ni mimi. Iliniuma, lakini nikapiga mstari.

Tukafika kwenye ile ya mama. Akaniuliza, hii ya kwamba hakuna mwingine aliyekubali kuja, ni kweli? Nikafungua mdomo kusema ndiyo, kama nilivyosema kwenye matanga na kila mahali tangu siku ile. Badala yake nikavuta kalamu nyekundu. Nikaikata mwenyewe, nikamwambia inarefusha barua tu. Alinitazama kidogo, akageuka kupanga karatasi zake.

Kati ya mistari ishirini na mitatu ilibaki mitano, nayo tukaiandika upya. Nakuandikia ujionee:

"Nakushukuru kwa kunijulisha uamuzi wenu na kwa kunipa nafasi ya usaili wa vitendo. Naomba kukamilisha jambo moja ambalo wasifu wangu haukulieleza: katika miaka hiyo miwili nilikuwa nikimuuguza mama yangu, ambaye sasa amefariki. Niko tayari kufanya kazi muda wote, na msimamizi wangu wa zamani amekubali kuulizwa habari zangu kwa namba iliyo hapa chini. Siombi mbadilishe uamuzi. Naomba maelezo haya yawekwe kwenye faili langu, iwapo nafasi nyingine itatokea."

Bi Nukta alikataa tuitume siku hiyohiyo. Alisema ilale, na mimi nilale. Kwanza nimpigie msimamizi wa zamani nimwombe ruhusa kweli, isije ikawa nimemwandikia ahadi asiyoijua. Asubuhi niliisoma tena nikiwa nimeshapata chai, nikarudisha anwani moja tu, ya yule dada, nikaituma kama jibu chini ya barua yake ileile ili asihangaike kunitafuta mimi ni nani.

Alijibu kesho yake. Alishukuru, akanipa pole ya msiba, akasema maelezo ameyaweka kwenye faili na wasifu niurekebishe. Nikajua ndiyo basi. Wiki ya tatu akanipigia. Yule aliyechukuliwa alikuwa hajaripoti, amepata pengine. Msimamizi wangu alishaulizwa na amenisemea vizuri, kwa hiyo kama bado nataka, kuna miezi mitatu ya majaribio. Kabla ya kukata aliniambia kwamba watu wengi aliowanyima kazi humtukana, na matusi nayo huwekwa kwenye faili.

Hasira hasara, tunasema kila siku. Mimi hasira haikunipotezea kazi. Ilinipotezea wewe, na hapo ndipo nilipokuwa napazunguka tangu mwanzo wa barua hii.

Kaka, ulinipigia wiki sita kabla mama hajatutoka. Uliniuliza uombe ruhusa uje? Nilikuambia usihangaike, anaendelea vizuri, anakula, baki kazini. Siku hiyo alikuwa hajameza kitu ila maji ya kijiko. Daktari alikuwa ameshaniambia niwaite ndugu. Ukapiga tena, nikasema amelala, nisingependa kumwamsha. Hakuwa amelala. Alikuwa ananitazama, akauliza kwa mkono nani huyo. Nikamwambia ni watu wa benki.

Sina sababu nzuri, na ningekuwa nayo ningeshaitumia. Nilikuwa na wivu. Mimi namwosha, mimi nambadilisha, na kila akifumbua macho anakuita wewe. Nikasema moyoni, basi akifa afe mikononi mwangu, mwenye kuitwa asiwepo. Nilitaka angalau siku moja aniite mimi. Hakuniita. Siku ya mwisho aliniita kwa jina lako, nikaitika.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha, kifo kikakuumbua wewe. Ulifika siku ya tatu baada ya maziko na begi lako, mama mdogo akakuambia mbele za watu kwamba unaijua njia ya kuondoka tu. Mjomba akakunyima mkono. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni, nimeshika sinia la vikombe. Neno moja lingetosha. Nikaenda kuosha vikombe.

Nawe hukujitetea. Mpaka leo sijui kama ulinisitiri au ulijiona una hatia kweli. Tangu siku ile nimekuwa nikiomba iwe la kwanza, kwa sababu la pili silimudu.

Nilipoikata ile sentensi kwa Bi Nukta, nilidhani nimeiondoa kwenye barua ya kazi tu. Ikawa inanifuata. Jumapili iliyopita niliwaita mjomba na mama mdogo, nikawaambia yote niliyokuandikia hapa, pamoja na la benki. Mjomba akaomba namba yako. Mama mdogo alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Ana haki.

Barua hii nayo, kaka, ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa na "lakini" nyingi: lakini na wewe ulikuwa mbali, lakini nilikuwa nimechoka. Niliziuliza yale maswali mawili ya Bi Nukta. Ya uchovu ilikuwa kweli, ila niliposhindwa kusema nataka uifanyie nini, nikaikata.

Siombi unisamehe leo. Nasikia uchungu sana, na ninakukumbuka, na kaburi la mama linahitaji kupaliliwa na sitaki kulipalilia peke yangu tena.

Msalimie wifi, mwambie kila utakachoona anastahili kujua. Wabusu watoto, hata wakikataa.

Na ukitaka kunijibu, usiilaze barua yako. Usimpe mtu aisome, usikate neno. Niandikie ukiwa na hasira yako yote, na anwani uiweke kabla hujaanza.

Ni mimi mdogo wako,
Kijiko