Mama wa Toleo la Kwanza

Jumatatu, 3 Februari
Mvua tangu asubuhi, nguo hazijakauka. Lakini Upendo wangu kachaguliwa! Kidato cha pili tu, na ndiye atakayesimulia siku ya maonyesho ya shule. Nimetangaza mtaa mzima wa Mjimwema. Hadithi ni ile ya watoto wawili waliotupwa msituni. Na mama wa kambo.
Hapo furaha ikanywea.

Jumatano, 5 Februari
Niandike tu. Sikumzaa. Nilipoolewa na baba yake nilimkuta ana miaka miwili, mama yake marehemu. Yeye anajua, majirani hawajui. Alipokuwa mdogo nilimsomea hadithi hiyohiyo, na kila penye "mama wa kambo" nilisoma "jirani". Nilijiona mjanja.

Ijumaa, 7 Februari
Siku zote hizi yuko maktaba. Leo tukimenya viazi kanifundisha mimi, mama niliyeishia darasa la saba. Ndugu wawili wa Ujerumani walikusanya hadithi hizo, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Katika toleo la kwanza, msichana mmoja aliyefungiwa mnarani anauliza mbona nguo zinambana. Ana mimba! Matoleo ya baadaye swali hilo limeondolewa, maana wazazi walikuwa wakiwanunulia watoto vitabu hivyo.
"Mimba wamefuta, mama, damu wameacha. Kwenye ile ya kiatu, dada mmoja anajikata kidole, mwingine kisigino, ili kiatu kiwaenee!"
Huyu mtoto ana kichwa, jamani. Sikuthubutu kumuuliza habari za mama wa kambo.

Jumapili, 9 Februari
Mwalimu anataka isimuliwe kama ilivyo kitabuni. Nitaona kama watu wote wananiangalia mimi. Nitasema naumwa.

Jumatano, 12 Februari
Nimekwenda. Kitenge cha njano, kiti cha mbele.
Upendo kaanza. Njaa, mwezi wa pili, ghala tupu, mahindi bado mabichi. Makombo ya mkate ya kuwekea alama njiani kayafanya punje za mahindi, ndege wakazila. Halafu: aliyesema watoto wapelekwe msituni ni mama yao. Mama mzazi.
Akaeleza. Toleo la kwanza limeandika mama tu. Wa kambo aliingizwa baadaye, kwa sababu watu hawakuvumilia kuona mama mzazi akitupa watoto. Wakatafuta wa kumtwisha lawama.
"Mimi nimelelewa na mama wa kambo. Yule pale, wa kitenge cha njano. Alikuwa ananisomea 'jirani'. Nilipojua kusoma nikamkamata."
Kumbe ujanja wangu aliujua miaka yote!
Mama Shukuru wa nyumba ya pili akapaza sauti: "Kwa hiyo jirani mbaya ni mimi?"
Ukumbi ulivunjika mbavu. Mimi nililia kama mjinga. Mwalimu kampa mkono. Hakuna mtoto kama wangu Songea hii.

Alhamisi, 13 Februari
Mvua tena. Upendo karudi shule, kavua viatu, kaniletea kile kitabu cha zamani, jalada limechanika.
"Nisomee, mama. Kama zamani."
Nimesoma. Nilipofika penye "mama wa kambo" nikamtupia jicho.
Nikasoma "jirani".