Nusu ya Shairi Aliyonyimwa Chiriku

Nyumbani, nyuma ya soko la mbao
Jumapili, baada ya mvua

Mpendwa mdogo wangu,

"Mtoto hana haki, ana tumbo. Mwenye haki ni anayelijaza." Hayo ni maneno ya shemeji yetu, mume wa dada mkubwa, mbele ya walimu, huku akichokonoa meno. Nitamjibu. Kwanza hujambo? Kifua kilichokusumbua huko kambini kwa wajenga barabara kimepoa? Sisi tu wazima, ila mimi nina hasira, na hasira haijapata kuniua.

Mwalimu wa uraia aliniomba shairi la haki za mtoto kwa siku ya elimu ya uraia. La kwanza niliandika kisomi, limejaa "ustawi" na "ulinzi". Darasa la tatu wakaishiwa pumzi kabla ya kituo. Nikalichana. Kinywa cha mtoto hakidanganyiki, kikikwama ujue kosa ni la mshairi.

La pili nililipima kwa makofi, mizani nane kwa nane. Kiongozi anatoa nusu ya mstari, darasa linaumaliza:

Jina langu nimepewa, ni haki siyo hisani.
Nikiumwa natibiwa, ni haki siyo hisani.
Na shuleni napokewa, ni haki siyo hisani.
Kazi nzito sitapewa, ni haki siyo hisani.
Nikisema nasikiwa, ni haki siyo hisani.

Watoto walilishika asubuhi moja. Kiongozi alikuwa mwanao Chiriku, kwa sauti ile inayovuka ukuta bila kupaza.

Shemeji, kwa kuwa ni mwenyekiti wa kamati ya shule, akalisikia. Akataka kila haki ifungwe mkia wa wajibu. Nikamwambia wajibu una shairi lake, nitamwandikia akitaka, lakini mtoto hatibiwi malaria kwa kuwa amefagia uwanja. Akacheka. "Shemeji, umesoma mpaka umepitiliza." Kisha akaamuru mstari wa kazi nzito uondolewe. Mwalimu mkuu, mtu wa kuinama kama jani la mgomba, akauondoa.

Sikuelewa kwa nini mstari ule ulimwasha hivyo. Nimesoma vitabu vingi, na sikuona kilichokuwa mbele ya pua yangu.

Siku ikafika. Viti vya wageni vilitoka kwa shemeji, naye alikaa katikati yake kama bwana harusi. Darasa likapanga mstari. Chiriku hakuwepo. Mwalimu akapiga kofi la kuanzia, na watoto, kwa kuwa hawakufundishwa nusu ya kiongozi, wakangoja kimya kwa urefu wake, kisha wakaitika: ni haki siyo hisani. Kimya. Ni haki siyo hisani. Wageni wakadhani ndiyo sanaa. Shemeji akapiga makofi kuliko wote. Haki zisizotajwa ndizo anazozipenda.

Nilitoka katikati ya makofi nikaenda nyumbani kwake, anakolelewa Chiriku, hadi kwenye tanuri lake la mikate. Chiriku alikuwa anatoa trei, matambara mikononi, na mkono wa kulia una alama ya moto kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Unasema nini, mwanangu?"

"Nafanya mazoezi, shangazi. Mzee amesema shughuli imeahirishwa."

Nikamuuliza tangu lini yuko hapo asubuhi za shule. "Tangu mpakiaji wa mikate aondoke," akasema, kisha akaniomba nisogee, trei ilikuwa ya moto.

Jioni nilimfuata shemeji. Hakukana. "Anakula kwangu, analala kwangu. Baba yake ndiye aliyenikabidhi. Akisema yeye, nitasikia. Wewe kaandike mashairi." Dada yetu mkubwa alikuwa hapo, akikunja nguo iliyokwisha kukunjwa.

Haya ndiyo majibu yangu kwake. Kama tumbo ndilo linaloleta haki, basi ng'ombe wake ana haki kuliko mwanao, maana ng'ombe hula kwanza na hachomwi na trei. Lakini dharau niliyo nayo kwake ni ndogo kuliko uchungu nilio nao kwako. Yeye amejificha nyuma ya neno lako. Ulilitoa msibani, mama wa mtoto hajapoa kaburini, nami sikukulaumu. Sasa nakulaumu, maana sasa unajua.

Wasalimie wenzako wa kambini, hasa fundi wa greda aliyekuletea dawa. Mama mdogo anakusalimu. Mungu akukinge na vumbi na mawe.

Mdogo wangu, barua hii ikikufikia usilale nayo. Mpigie shemeji umwambie Chiriku anahamia kwangu, kisha mpigie mwalimu mkuu umwambie Jumatatu itakayofuata yuko darasani. Utamke wewe mwenyewe, kwa sauti yako. Nikisema nasikiwa: mtoto amekwisha kuitoa nusu yake, peke yake, mbele ya moto. Itika.

Dada yako, akupendaye na asiyekuogopa