Rambirambi za Salma

Mjukuu wangu Neema, huku Mlowo hatujambo, babu yako anapalilia kahawa. Hofu yako ya kutafsiri rambirambi za Kiingereza naielewa.

Nikiwa msichana, tajiri wangu Mzambia alinituma nitafsiri rambirambi zake kwa rafiki yetu Salma, aliyefiwa na mumewe. Nikaandika neno kwa neno: "Mawazo yangu yako nawe. Amekwenda mahali pazuri zaidi." Salma alisoma, akaikunja barua, akaiweka kando. Nikaona maneno hayo hayakumgusa. Nikaiomba, nikaandika upya: "Pole sana, dada. Msiba wako ni wetu. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, akupe subira." Ya Bwana Yesu sikuyaweka, maana Salma ni Mwislamu.

Alilia, akanishika mkono. "Sasa umefika msibani."

Bibi yako