Karatasi ambayo Papa hakuiandika

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, ukungu umefunika vilima vya Masisi hata ng'ombe hawaonekani. Moyo wangu pia iko vile.

Mbele ya watu sijui kusema, njo maana ninaandika hapa.

Leo walimu wamepiga kura ya grève, ya kugoma. Papa wangu anafundisha hesabu, tena ndiye président wa syndicat yao, chama cha walimu. Mimi ni finaliste, niko mwaka wa mwisho wa sekondari. Walimu wakiacha kufundisha sasa, sijui nitaingiaje kwenye examen d'État.

Hawagombanii kiasi cha mshahara. Wanalazimishwa kuufuata mpaka mjini Sake, na safari iliyopita Mwalimu Bahati alipigwa risasi njiani, akafa. Yeye njo alinifundisha kusoma. Wanataka mlipaji wa mshahara afike hapa kwetu.

Mkutano ulikuwa kwenye salle ya kanisa. Sisi wanafunzi na wazazi tulisikiliza nje, madirishani.

Papa aliomba kwanza kimya kwa ajili ya marehemu. Mjane wake alikuwa amekaa mbele. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti: préavis, barua ya kuonya kwamba watagoma, ilipelekwa kwenye ofisi ya elimu, muda wa sheria umeisha, wakubwa wametoa ahadi za mdomo tu.

"Wapendwa, kura ni ya siri. Mwenye kuandika 'hapana' ni mwenzetu, asitukanwe. Tukigoma, hakuna kufunga mlango wa shule na kufuli, hakuna kutuma watoto barabarani. Mlipaji akifika hapa, tunarudi darasani."

Mama Furaha, mwalimu wa Kifaransa, akasimama. "Président, na bafinaliste? Tuache darasa yao iendelee."

"Eeh! Ni sababu mutoto ya Président iko mule?" mmoja akarusha kutoka nyuma. Wakacheka.

Nikainamisha kichwa.

Papa hakucheka. "Ni kweli, niko na mutoto mule. Kura ya grève nitaiongoza. Ile ya bafinaliste, hapana. Wala sitaipiga."

Karatasi zikaingia kwenye ndoo, wawili waliochaguliwa wakazisoma moja moja kwa sauti. Grève ikapita kwa kura nyingi sana. Ndipo Papa akamwachia makamu wake kiti, akatoka, akasimama kwenye mvua karibu yangu bila kuniangalia.

Kura za bafinaliste zikalingana.

Kwa sheria yao, zikilingana, pendekezo limeanguka: darasa yetu nayo inasimama, kwa kukosa karatasi moja.

Papa alisikia. Alifuta uso, sijui kama ilikuwa mvua.

Nyumbani nilimuuliza polepole, "Papa, si utanifundisha hapa?"

"Mwanangu, nikikufundisha weye peke yako, wenzako nitawaambia nini?" Akaenda kulala bila kula.

Nilitaka kumkasirikia. Kila nikijaribu, ninamwona yule mjane, mikono juu ya magoti, hana mtu wa kumngojea tena kutoka Sake.

Kama wangenipa mimi ile karatasi ya Papa, na mjane amekaa pale mbele, ningeandika nini?