Jina Lililobaki Nyuma ya Uzio

Kanye, Jumatatu

Kwako mdogo wangu Gaolape,

Mimi kaka yako Ketlogetswe nina miaka themanini na mmoja. Nimezika wake wawili, nimeona ukame uliomaliza ng'ombe wa baba, nimetoka mzima chini ya migodi ya Johannesburg iliyolaza wanaume wenye vifua vipana kuliko changu. Nakusalimu. Umeamkaje? Miguu imepungua kuvimba? Mimi mzima, ila silali, na uji haushuki.

Utacheka kwamba nakuandikia barua na nyumba zetu zimetenganishwa na uzio tu. Simu yako umezima tangu jana. Langoni kwako nimefika mara tatu, nikajifanya naangalia nguzo, nikarudi.

Harusi ya mjukuu wetu Boitshepo imekwisha, na kama hapa Kanye yupo mzee aliyeozesha vizuri kuliko mimi, na ajitokeze. Kilichobaki kilikuwa shukrani katika kundi la ukoo kwenye simu. Binti yangu Seabelo alisema aandike yeye. Nikamwambia mtoto hashukuru kwa niaba ya mji wakati mwenye mji anapumua, yeye atabonyeza, maneno nitatoa mimi. Akaniomba basi niseme tu nawashukuru wote. Nikamwambia wote si mtu, wote hajawahi kukata kuni.

Ili nisisahau mtu, nilifuata ng'ombe. Nilimpitia kwa akili kuanzia kichwa hadi mkia, na kila kipande kilikokwenda nikataja aliyekipokea na kazi aliyofanya. Kichwa, mjomba wa bibi harusi. Shingo, Kesegofetse na wenzake waliotwanga nyama iliyochemshwa. Matumbo, akina mama waliosimama kwenye masufuria ya miguu mitatu. Mbavu, walioleta hema na viti. Nikafika kwato, majina arobaini na matatu. Seabelo akasoma tena kwa sauti, ukoo wa baba kwanza, wa mama baadaye, majirani, vijana wa maji, na mwishoni maneno ya kuomba radhi kwa aliyesahaulika. Jana asubuhi tukatuma.

Pongezi zikamiminika. Shangazi Oreeditse akatuma sauti ya vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Kesegofetse akaandika kwamba mzee ana kichwa cha kompyuta. Nikavimba, sikatai. Halafu Seabelo akanionyesha walioufungua ujumbe. Jina lako lilikuwepo. Ulisoma, hukujibu, na mchana simu yako ikazimwa.

Uko katika nguo nyeusi ya kumwomboleza mumeo. Kwenye karamu hukukanyaga, nyama ya harusi hukupokea, kwa hiyo kwenye ng'ombe hukuwepo. Lakini pombe yote ya mtama uliipika wewe, peke yako uani kwako, siku sita, na mapipa tukayapokea juu ya uzio ili usivuke. Watu walikunywa wakaniuliza nani mpishi.

Nilitaka kuongeza jina lako chini. Seabelo akasema, baba, anayeshukuriwa baada ya radhi ni mkia, bora umwache. Leo asubuhi nikaamuru ujumbe ufutwe wote. Kumbe kufuta kunaacha alama, kundi zima likaona mzee amefuta kitu! Oreeditse akauliza nani amekufa. Kesegofetse akauliza mzee amefuta nini, au ndoa imevunjika? Watu wanane wakapiga simu. Tukatuma upya, na jina la kwanza, kabla ya kichwa cha ng'ombe, kabla ya mjomba, ni Gaolape aliyepika pombe. Mjomba amenuna. Na anune.

Sasa sikia. Nimekuambia nilifuata ng'ombe ukanipotea. Hiyo ndiyo niliyowaambia watu. Si kweli. Seabelo alipomaliza kusoma aliniuliza, na shangazi Gaolape wa pombe? Nami nikajibu, jina la mwenye msiba halitiwi kwenye harusi, litamfuata bibi harusi, liache. Niliogopa, Gaolape. Mimi niliyetoka chini ya ardhi niliogopa jina la dada yangu.

Mwezi ujao unavuliwa nguo nyeusi, na tangu baba afe ni mimi wa kukuita utoke ndani, msiba uishe. Nimesikia utamwomba mjomba huyo akuite badala yangu. Ukifanya hivyo sitakulaumu, lakini sitakaa vizuri tena duniani. Washa simu usome ujumbe wa pili. Au usisome, kohoa tu uani, nitasikia.

Wasalimie wajukuu. Mguu uuweke juu ya kigoda unapokaa.

Ukitaka mashahidi, Seabelo alibonyeza na aliyasikia maneno yangu. Oreeditse ameona ujumbe wa pili. Na wa tatu ni wewe mwenyewe, maana nilipokuwa nikisema liache, niliona mkono wako juu ya uzio ukifuata pipa tupu, ukasimama, ukarudi bila pipa. Kama nimepunguza neno, lijaze.

Pipa bado lipo hapa. Nimeliosha mwenyewe.

Kaka yako,
Ketlogetswe