Wifi Kafuta Kwake Peke Yake

Shoga, keti kwanza. Nimetuma kwenye grupu la ukoo picha ya mama mkwe kavaa gauni nililomshonea. Wifi akaandika: "Gunia la viazi lina nafuu. Mama anamsifia kwa huruma tu."

Kwenye grupu! Alidhani anamwandikia dada yake!

Nikasubiri aufute. Wapi! Hata ile "ujumbe huu umefutwa" haikutokea.

Kumbe kababaika, kabonyeza "futa kwangu" badala ya "futa kwa wote". Kwake haupo, kwetu sote upo. Gunia la viazi!

Nimejuaje? Kanifuata pembeni: "Wifi, kuna kitu nilikosea kwenye grupu nikafuta. Hukukiona, eti?"

Nikamjibu, "Kitu gani?"

Karudi grupuni mbio: "Mama umependeza! Wifi ni fundi hasa!"

Hapo ndipo nilipoubonyeza ule wa gunia, nikaunukuu, nikamjibu chini yake: "Asante wifi. Nikushonee na wewe?"

Maneno yake yamemrudia kwenye simu yake, safari hii ndani ya ujumbe wangu. Hawezi kuufuta, si wake. Na admini ni mimi peke yangu.

Ngoja, shoga. Juu pameandikwa: "Mama mkwe anaandika..."